78 darasani, 35 kwenye moki, halafu "iliyosawazishwa" ni 24? Nieleweshwe

Maalim_wa_Pate
Assalam aleikum wana jukwaa. Nataka msaada wa hesabu. Pole mmeshanipa za kutosha kule kwenye kundi la Watsapu.

Nafundisha Hisabati Gredi ya 9 kwenye shule ndogo upande wa Pate. Mwaka huu shule kadhaa tulikubaliana kufanya moki ya pamoja. Jopo lilitunga, na karatasi zikasahihishwa na walimu wa shule nyingine, kila mtu mbali na watoto wake. Makubaliano yalikuwa kwamba kwenye ripoti ya mwisho 60 zitoke kwenye moki na 40 zitoke kwenye kazi za darasani za mwaka mzima, lakini hizo za darasani zisawazishwe kwanza kwa matokeo ya moki ya shule husika. Nilitia saini. Sikuuliza zitasawazishwaje, kosa langu.

Juzi jedwali limerudi. Wanafunzi wangu ni tisa, majina nimeyaficha:

```
      Darasani   Moki   Iliyosawazishwa
A        92       66         73
B        90       71         66
Z        89       18         62
C        88       48         59
D        86       59         52
E        84       60         45
F        82       41         38
G        80       52         31
H        78       35         24
```

Nimekubali kwamba alama zangu zilikuwa za ukarimu. Mtazameni H lakini. Kwangu amepata 78, kwa wasahihishaji wa nje 35, na wao wenyewe wanasema alama yake ya darasani "iliyosawazishwa" ni 24. Imekuwaje ikawa chini kuliko zote mbili? Mzazi wake akija, namwambia nini?

Kaskazi
Wamekosea, wala usijisumbue. Kusawazisha ni kitu chepesi. Wastani wako wa darasani ni 85 na kitu, wastani wa moki ni 50. Tofauti ni 35. Kila mtoto anapunguziwa 35, basi. A anabaki na 57, H anabaki na 43. Rudisha hilo jedwali kwa jopo.

Mzazi_Langoni
Afadhali mmelileta hapa. Mwanangu yuko shule ya mjini, darasani alikuwa na 79 na sasa karatasi inasema 58. Mtoto amefanya kazi mwaka mzima, mwalimu mwenyewe amemsahihishia, halafu mtu asiyemjua anakuja kumpokonya alama 21. Huu si wizi? Na kama wanachukua alama ya moki na kuibandika juu ya kazi ya darasani, kazi za darasani zina faida gani?

Umande_Gede
Nawasalimu kutoka Malindi. Nimekaa kwenye majopo ya alama miaka kadhaa, na H amenikamata jicho kabla sijamaliza kusoma.

Kaskazi, umepata nusu. Kushusha wastani wa shule hadi ulingane na wastani wa moki ni sehemu ya kwanza ya kazi. Ya pili ni upana. Alama za Maalim zimebanana: wa kwanza 92, wa mwisho 78, kumi na nne tu kati yao. Kwenye moki watoto hao hao wametapakaa kutoka 71 hadi 18. Ukiwapunguzia wote 35 umewashusha mahali sahihi, lakini bado umewaacha wamebanana, na asilimia 40 ya ripoti inakuwa haimtofautishi mtoto yeyote na mwenzake. Kwa hiyo jopo limeshusha wastani, kisha likavuta alama zitapakae kwa kiasi kile kile zilivyotapakaa kwenye moki. Nimekagua jedwali kwa njia hiyo na namba zao zote zimetoka sawasawa. Kwenye Ekseli, ikiwa alama za darasani ziko safu ya B na za moki safu ya C, ni hivi:

```
=AVERAGE(C$2:C$10)+(B2-AVERAGE(B$2:B$10))*STDEV.P(C$2:C$10)/STDEV.P(B$2:B$10)
```

Upana wa Maalim kwa kipimo hicho ni 4.5. Upana wa moki ni 15.7. Maana yake kila alama moja iliyokuwa inawatenganisha watoto darasani imevutwa ikawa karibu tatu na nusu. H alikuwa chini ya wastani wa darasa kwa alama saba na nusu, sasa yuko chini kwa ishirini na sita. Ndiyo hiyo 24.

Fomula haina kosa. Ninachoshuku ni kilichotiwa ndani yake. Maalim, Z ana nini? Mtoto wa tatu darasani na 18 kwenye moki?

Maalim_wa_Pate
Z ni masikini ya Mungu. Karatasi ya kwanza, ile ya kuchagua majibu yenye alama 30, aliifanya na akapata 18. Usiku huo homa ikampanda, wakampeleka hospitali mjini, malaria. Asubuhi ya karatasi ya pili alitaka kurudi lakini maji yalikuwa yamekupwa Mkanda, boti haikupita. Mimi niliandika "hakufika" kwenye fomu. Naona wamejumlisha 18 na sifuri.

Umande_Gede
Basi jibu la H limepatikana, na liko kwenye homa ya Z.

Moki yote ina alama 100. Z ana 18 kwa sababu alama 70 hakuziona kabisa. Hiyo 18 haielezi uwezo wake, wala haielezi kiwango cha shule yako. Jopo limeihesabu kama alama ya kawaida, na imefanya mambo mawili. Imeshusha wastani wa moki kutoka 54 hadi 50, jambo ambalo wote wameligawana. La pili ndilo baya zaidi na watu wengi hawalioni: imepanua mtawanyiko wa moki kutoka 11.5 hadi 15.7. Fomula inaamini shule yako ina watoto waliotengana sana, kwa hiyo inawavuta watoto wako wavutike zaidi. Wa juu kabisa anapanda kidogo na wa chini wanazama.

Mtoe Z kwenye hesabu ya wastani na mtawanyiko, wabaki wanane, kisha fanya upya:

```
      Darasani   Moki   Na Z ndani   Bila Z
A        92       66        73         72
B        90       71        66         67
C        88       48        59         62
D        86       59        52         57
E        84       60        45         51
F        82       41        38         46
G        80       52        31         41
H        78       35        24         36
```

Mtazame A, ugonjwa wa Z umempa alama moja. Halafu mtazame G, umemnyima kumi, na H kumi na mbili. Z mwenyewe hakuumia sana, jedwali lilimpa 62.

Z hatupwi. Unatengeneza kipimo kwa wale wanane, kisha unamwekea yeye kipimo hicho hicho. Darasani alikuwa na 89, na kwa kipimo cha wenzake anapata 64. Hiyo ni alama yake ya kazi za darasani. Alama yake ya moki ni jambo jingine, na jopo litaamua kama litatumia zile 18 kwa 30 au litampa karatasi nyingine.

Dalili ya kuiangalia kabla ya kuamini jedwali la namna hii ni uhusiano wa safu mbili. Andika `=CORREL(B2:B10,C2:C10)`. Kwa watoto tisa inatoka 0.32. Ukimwondoa Z inatoka 0.79. Mtoto mmoja kati ya tisa akiweza kuangusha namba hiyo kiasi hicho, usisawazishe chochote kabla hujauliza habari zake.

Maalim_wa_Pate
Allah akulipe bibie. Nimetazama hiyo safu ya mwisho mara tatu. H 36 naweza kumwelezea mzazi.

Kaskazi
Nakubali hesabu, sikubali hukumu. Kwa nini tuvute upana? Mwalimu amewaona watoto wake mwaka mzima, akaona wanakaribiana. Moki ni siku mbili. Nani kasema mtawanyiko wa siku mbili ndio wa kweli?

Umande_Gede
Swali zuri, na si la kujibiwa kwa mstari mmoja.

Hakuna anayesema moki ndiyo kweli yote. Moki ndicho kitu pekee ambacho shule zote zimekifanya kwa namna moja, swali moja, msahihishaji asiyewajua. 92 ya Maalim na 92 ya mwalimu wa shule nyingine hazina kipimo cha pamoja. Huyu ametoa kazi ngumu, yule ametoa nyepesi na kuruhusu kurudia. Moki inatumika kama rula ya kupimia shule. Baada ya hapo, ndani ya shule, neno ni la mwalimu.

Hebu tujaribu njia yako kwa wale wanane. Wastani wa darasani 85, wa moki 54, tofauti 31. A anapata 61 na H anapata 47. A amefanya 66 kwa wasahihishaji wa nje, na darasani ndiye wa kwanza, lakini kazi yake ya mwaka inamvuta chini. H ni wa mwisho kote kuwili na anabebwa juu kwa alama 12 kuliko moki yake. Shule jirani ambayo mwalimu wake ametoa alama kutoka 30 hadi 90 haipati huruma hiyo. Mwalimu aliyebana alama zake anakuwa amewagawia wa chini kwa mkono wa wa juu, na hakuna aliyempa ruhusa.

Wenzetu wa New South Wales kule Australia, ambako alama za shule ni nusu ya matokeo ya mwisho ya sekondari, wana sheria yao. Wastani wa kikundi cha shule ulingane na wastani wao kwenye mtihani, na alama ya juu ya shule ilingane na alama ya juu waliyoipata kwenye mtihani. Hong Kong nao wanarekebisha wastani na upana kwa kutumia mtihani. Fomula zinatofautiana, ila kote kuwili hawagusi mpangilio: aliyekuwa wa tatu kwa mwalimu wake anabaki wa tatu.

Mzazi_Langoni
Mimi mbona sijajibiwa? Mwanangu amepunguziwa 21.

Umande_Gede
Samahani kaka, nilichukuliwa na hesabu. Mtazame C kwenye jedwali la Maalim. Darasani 88, moki 48, iliyosawazishwa 59. Hawakubandika moki yake juu ya kazi yake, wangefanya hivyo angekuwa na 48. Wamempa alama inayomfaa mtoto wa nne wa shule ambayo imefanya moki kwa kiwango hiki. Kilichotumika ni matokeo ya darasa zima, si yake peke yake.

Kwa hiyo ukienda shuleni usiulize kwa nini imeshuka. Uliza mwanao alikuwa namba ngapi darasani kabla, na namba ngapi baada. Namba ikiwa ile ile, hajapokonywa kitu na mtu, wote wameshuka pamoja naye. Namba ikibadilika, hapo una kesi, maana fomula hii haiwezi kumpitisha mtoto mbele ya mwenzake.

Mzazi_Langoni
Alikuwa wa sita. Nitauliza. Lakini 58 bado inaniuma.

Fundi_Mtepe
Mimi nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa nina neno, na Maalim usinikasirikie.

Nimetazama safu yako ya darasani. Mtoe Z. 92, 90, 88, 86, 84, 82, 80, 78. Zinateremka mbili mbili kama ngazi za Ngome. Kazi gani ya mwaka mzima inatoa alama namna hiyo? Huko mnakoenda na desimali, mimi naona mtu aliyekaa jioni akapanga watoto kwa kichwa, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akajaza namba.

Kaskazi
Eh! Fundi leo amekuja na msumeno.

Maalim_wa_Pate
...

Sina la kuficha. Ni kweli. Mfumo ulikuwa unafungwa siku ile, mtandao kwetu unakuja na kuondoka, na daftari la kazi nilikuwa nimeliacha nyumbani. Nawajua watoto wangu, niliwapanga kwa ninavyowajua. Z nilikuwa nimemsahau, nikamchomeka katikati kwa 89.

Nikidhani, kwa uaminifu kabisa, kwamba kwa kuwa zitasawazishwa basi namba zenyewe hazina uzito.

Umande_Gede
Hapo sasa pana jambo zito kuliko malaria ya Z.

Maalim, umesema kweli bila kukusudia. Ukubwa wa namba ulizoandika haukuwa na uzito. Ungeandika 52, 50, 48 mpaka 38, jedwali lingerudi vile vile hadi desimali ya mwisho. Wastani wako unatupwa na upana wako unatupwa. Vinavyobaki ni viwili tu: nani yuko mbele ya nani, na mapengo kati yao yanalinganaje. Ndivyo pekee mwalimu anavyopeleka kwa jopo, na hivyo ndivyo ulivyovibuni.

Pengo la A na B umelifanya sawa na pengo la G na H. Ikiwa daftari linasema A na B wanalingana na H yuko mbali peke yake, fomula haina namna ya kujua. Itavuta uongo wako kwa uaminifu mkubwa.

Na hebu niulize la C. Ukimtoa Z, ni namba tatu kwako na namba sita kati ya wanane kwenye moki. Ni siku mbaya, au ni wewe?

Maalim_wa_Pate
Nimefungua daftari. Ni mimi.

C ni mtoto mwenye adabu, hachelewi, anafuta ubao bila kuambiwa. Kwenye daftari ni wa tano. D na E wako mbele yake kazi kwa kazi, tangu muhula wa kwanza. Kichwani mwangu alikuwa wa tatu.

Fundi_Mtepe
Tumwekee hesabu aone alichofanya. Ukirudisha D kwenye nafasi ya tatu, E ya nne na C ya tano, kwa namba zile zile za ngazi, D anatoka 57 kwenda 62, E anatoka 51 kwenda 57, na C anashuka 62 kwenda 51. CORREL inapanda 0.79 hadi 0.89. Jumla ya darasa haikubadilika hata kwa moja: 432 kabla, 432 baada.

Yaani ukarimu kwa C haukutoka mfukoni mwako. D ametoa tano na E ametoa sita.

Umande_Gede
Hilo laiti lingeandikwa juu ya fomu. Kabla ya kusawazisha, mwalimu anaweza kumpendelea mtoto na asimdhuru mwingine wa darasa lake. Baada ya kusawazisha jumla ya darasa imefungwa na moki, kwa hiyo kila zawadi ina anayeilipa, na anayelipa ni mtoto wa dawati la pili.

Kaskazi
Ngojeni. Mimi naona hatari hapa. Matokeo ya moki yametoka, Maalim ameona C ana 48, sasa anafungua daftari na "anagundua" kwamba C ni wa tano. Kesho kila mwalimu atapanga upya watoto wake wafanane na moki na CORREL itakuwa 0.99 kila mahali. Kuna haja gani ya kazi za darasani tena?

Maalim_wa_Pate
Daftari lina tarehe na saini za watoto. Nitapiga picha kurasa zote.

Kaskazi
Wewe nakuamini. Nasema sheria.

Umande_Gede
Kaskazi ana haki. Jopo makini lingekataa mpangilio wowote unaoletwa baada ya moki kutoka, hata ukiwa sahihi, kwa sababu haliwezi kutenganisha anayesahihisha na anayeiga. Mimi ningekubali daftari lenye tarehe. Najua wenzangu ambao wasingekubali, na sina la kuwaambia.

Shamba_Marafa
Mimi natoka Magarini, nafundisha Kilimo, na hapa mnanitisha. Nina mtoto hawezi kuandika sentensi mbili zikakaa, lakini bustani yake ya mchicha na kuku wake ni mfano kwa darasa. Kwenye mradi nilimpa alama ya juu kuliko wote. Kwenye karatasi ya kuandika ni wa mwisho kila mara. Mkisawazisha mtamuua.

Umande_Gede
Huyo fomula haimuui, maana nafasi yake ya kwanza ya mradi inabaki, na atapata alama inayomfaa wa kwanza wa shule yako. Atakayeumia ni shule nzima ikiwa wengi wenu mko hivyo: mikono hodari, kalamu nzito. Karatasi itasema shule ni dhaifu, na miradi yote itashushwa kwa kosa la kalamu.

Njia hii ina sharti moja kubwa, kwamba mtihani na kazi za darasani zipime kitu kinachokaribiana. Hisabati inaelekea. Mradi wa kuku na karatasi ya maswali haviko pamoja, na utaona hata CORREL yake inakuwa ndogo bila mtu kuugua wala kudanganya. Hapo dawa ni mwalimu mwingine aje atazame bustani zenyewe, au achukue sampuli ya kazi chache azisahihishe upya. Ni ghali na inachosha. Kutoka Marafa hadi shule ya pili wewe mwenyewe unajua.

Shamba_Marafa
Najua sana. Nauli ya pikipiki peke yake.

Swaleh_Kizingitini
Kwani KNEC wanasemaje? Si wao nao wana asilimia zao?

Fundi_Mtepe
KJSEA ilipoanza 2025 mgao ulikuwa KPSEA ya Gredi ya 6 ilichukua 20, tathmini za shule za Gredi ya 7 na 8 zikachukua 20, na mtihani wa Gredi ya 9 ukachukua 60. Huo ni mgao wa uzito tu. Huku tunazungumzia moki yetu na makubaliano yetu, tusichanganye jahazi mbili.

Swaleh_Kizingitini
Sawa. Basi nina swali la moki yenu hiyo hiyo. Sisi tuna wanafunzi wanne. Wanne! Hiyo fomula itafanya nini kwetu? Na mwalimu wetu amewapa wote 85.

Umande_Gede
Mkiwapa wote 85, Ekseli itawaandikia `#DIV/0!`, kwa sababu mtawanyiko wenu ni sifuri na hakuna cha kuvuta. Kuna majopo yangewapa wote wastani wa moki wa shule. Maana yake mwalimu amesema watoto wote ni mmoja, na jopo limemsadiki.

Hata mwalimu akiwatofautisha, wanne ni wachache mno. Mmoja akifanya moki vibaya kwa alama 40, wastani wa shule unashuka 10 na kila mtoto anazishuka. Kwa darasa la arobaini angewashusha alama moja. Wengine huunganisha shule mbili ndogo kuwa kikundi kimoja, lakini haifai kuunganisha kwenye karatasi tu. Lazima wawe wamefanya kazi zile zile na kupangwa kwenye orodha moja, la sivyo 80 ya shule hii na 80 ya shule ile zinawekwa ubavu kwa ubavu bila sababu.

Swaleh_Kizingitini
Kazi zile zile na Faza inawezekana, tuko karibu. Lakini mwaka huu umeshapita.

Umande_Gede
Kwa mwaka huu mimi ningeacha alama zenu bila kusawazisha na kuandika hivyo kwenye ripoti. Kaskazi atasema ni upendeleo.

Kaskazi
Ni upendeleo. Wanne wao wanabaki na 85 na sisi wengine tunashuka hadi 54.

Fundi_Mtepe
Kuna lingine limenikaa kooni. Shule moja, sitasema ipi wala ya upande gani, karatasi ya pili ya moki ilionekana kwenye simu za watoto usiku wa kuamkia mtihani. Kwa fomula hii wastani wao wa moki umepanda, na alama zao za darasani nazo zimepanda kwa sababu zinafuata moki. Wamevuna 60, na zile 40 zimewafuata. Moki iliyovuja bila kusawazisha ingewaharibia wenzao sehemu moja tu.

Umande_Gede
Naam, rula ikipinda kila ulichopima kimepinda. Na CORREL haitakuonya, watoto wote wakiwa wameona karatasi mpangilio wao unaweza kubaki mzuri tu. Labda ulinganishe karatasi ya kwanza na ya pili shule kwa shule. Ikiwa shule zote zimeshuka kwenye ya pili na hiyo moja imepanda, jopo lina la kuuliza.

Maalim_wa_Pate
Narudi na habari. Nimeongea na katibu wa jopo leo baada ya alasiri. La Z wamelikubali papo hapo, anatolewa kwenye kipimo, anapewa 64 yake ya darasani, na karatasi ya pili atafanya wiki ijayo yenye maswali mengine. H amerudi 36.

La C limekwama. Nimepeleka picha za daftari. Wawili wanakubali, wawili wanasema kama Kaskazi, na wa tano amesafiri. Nimewaambia pia kwamba alama za ngazi nilizibuni na kwamba ninazo za kweli za kila kazi. Katibu alinyamaza, kisha akaniuliza ninadhani walimu wangapi wamefanya kama mimi.

Kaskazi
Ukamjibuje?

Maalim_wa_Pate
Nilimwambia atazame safu za wengine kama zinateremka mbili mbili.

Mzazi_Langoni
Nimetoka shuleni. Bado ni wa sita.